Jumatatu Niliyoipata kwa Kupatana

Shauri lile lilinigharimu shemeji mmoja, mtumbwi mmoja ambao ulikuwa bado haujaingia majini mara kumi, na mpunga wa msimu mzima. Nimehesabu mara mbili, kama nihesabuvyo kila kitu, na mara zote mbili shemeji ndiye anayezidi. Mtumbwi huchongwa mwingine. Mpunga, mto ukipanda na kushuka vizuri, huota mwingine.

Wakati ule vita vya maji vilikuwa vimeshashuka kutoka milimani Umatumbi hadi kwetu bondeni. Mimi nilikuwa mchuuzi. Nilinunua mpunga kwa wakulima wa mtoni, nikaupandisha Kibiti na Mchukwi, nikarudi na chumvi na kaniki. Vita havimpendi mchuuzi. Askari wa Mdachi wakipita wanachukua mpunga bila kuuliza bei, na wapiganaji wakipita wanachukua mpunga huku wakikuuliza kwa nini hukuja kunywa maji. Mimi niliwajibu wote kwamba tumbo langu halikubali maji ya mtu nisiyemjua. Walicheka, wakachukua mpunga.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, kazi yake ilikuwa boriti. Alisimamia wakataji wa mikoko kule kwenye midomo ya mto, akapakia boriti, akasafiri nazo hadi Unguja kwa tajiri mmoja Mwarabu, akakaa huko mpaka zihesabiwe na kulipwa. Tajiri alimwamini kiasi cha kumwachia ufunguo wa ghala, na ndani ya ghala hilo ndimo alimolala. Mwezi ule watu walipokwenda kung'oa pamba ya serikali, yeye alikuwa Unguja, kalala juu ya boriti zake.

Aliporudi alisikia kwamba mama yake kakimbia vita kule mlimani na haonekani. Akaondoka kumtafuta. Alifika Nyamwage, akakutana na kikosi cha askari kikirudi. Mwanamume peke yake njiani, anatoka upande wa bondeni anaelekea upande wa milima, hana mzigo, hana cheti. Wakamfunga kamba. Bomani akatokea mtu wa kuapa kwamba alimwona siku ya kung'oa pamba, akiwa mbele kabisa. Mtu huyo mwenyewe alikuwa kafungwa kamba, na kila jina alilotaja lilimlegezea fundo moja. Simlaumu sana. Bei ya kamba siku hizo ilikuwa juu.

Habari zilinifikia Kibiti. Nikateremka na dada yangu tukafika bomani Alhamisi asubuhi, siku hiyo hiyo ya shauri lake.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa Mdachi mwembamba mwenye homa. Hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi, maana mtu anayepiga kelele ana la kupunguza. Pembeni alisimama mkalimani, mtu wa pwani ya kaskazini, kanzu safi, meno mekundu kwa tambuu. Nyuma ya meza palikuwa na saa ya ukutani. Ilisoma saa tatu wakati jua limeshapinda kuelekea magharibi, yaani sisi tuko saa tisa. Na asubuhi ilipokuwa saa tatu yetu, ile ilisema tisa. Mle ndani hata mchana ulikuwa na hesabu nyingine.

Shemeji alisema maneno machache. "Nilikuwa Unguja kwa tajiri wangu. Muulizeni."

Bwana mkubwa akasema kitu. Mkalimani akakigeuza: "Anasema Unguja ni mbali na leo ni vita."

Hapo nikajitia kati. Nikasema pana simu. Nyumba ya simu ya waya, ile ya kugonga maneno, ilikuwa mle mle bomani, nyaya zinakwenda Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam unapita waya mwingine chini ya bahari mpaka Unguja. Nikasema gharama ni yangu, ya kwenda na ya kurudi. Tajiri akijibu kwamba mtu huyu alikuwa kwake, basi. Asipojibu, basi.

Bwana mkubwa alinitazama, akamtazama mkalimani, akasema neno moja.

"Jumamosi," mkalimani akasema. "Anakupa mpaka Jumamosi."

Sasa mimi ni mtu wa kupatana. Ukinipa samaki bure nitauliza kwa nini si wawili. Nikasema, "Mwambie Alhamisi ijayo."

"Una wazimu? Mtu anakupa, unakataa?"

"Sikatai. Napatana. Mwambie Alhamisi."

Akamwambia. Bwana mkubwa akajifuta jasho. Mkalimani akarudi na neno: "Hataki. Jumamosi."

"Jumatano basi. Simu hupotea, wapiganaji wanakata nyaya, yeye mwenyewe anajua."

Walizungumza kitambo. Mkalimani akanigeukia, safari hii kwa sauti ya chini, akauliza ule mtumbwi mpya uliofungwa gatini ni wa nani. Nikamwambia ulikuwa wangu hadi sasa hivi. Akageuka tena akasema maneno mengi, mengi kuliko yangu, na bwana mkubwa akakata mkono hewani.

"Jumatatu. Jua likichomoza Jumatatu na jibu halipo mezani, ananyongwa. Na usiseme tena, maana hata mimi nimechoka na mdomo wako."

Nikatoka nikijiona mshindi. Nimeomba juu, kaanza chini, tumekutana kati, tena nimemvuta siku mbili nzima. Dada yangu alikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, kajifunga kaniki mpaka puani. Nikamwambia, "Nimekupatia siku mbili."

"Za nini, kaka?"

"Za jibu kufika. Jumamosi ingekuwa karibu mno. Sasa tuna Jumapili na Jumatatu."

Alinishika mkono akauachia.

Simu ikaenda Alhamisi ile ile, baada ya adhuhuri, baada ya simu zote za vita. Mpiga simu alikuwa mtu wa Tanga aliyesoma shule ya serikali, mpole, vidole vyake vyembamba kama vya mshona kofia. Alinigongea maneno yangu mbele ya macho yangu, kisha akaniambia, "Imekwenda, bwana. Usiku itakuwa Unguja." Nikamshukuru. Tulilala kwa mjane mmoja nyuma ya soko, ambaye alitupa mkeka na hakutuuliza tunamngoja nani, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imejaa watu wanaongoja.

Ijumaa niliruhusiwa kusema na shemeji. Walimtoa mpaka kwenye uzio wa miti, askari mmoja kasimama kati yetu anakula muwa. Shemeji alikuwa kakonda lakini kanawa uso, kajifunga shuka vizuri.

"Mmepeleka?" akauliza.

"Tumepeleka jana. Kwa simu."

"Jana saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri. Zilitangulia simu za vita."

Alifumba macho kidogo. Askari akatema kapi la muwa.

"Shemeji," akasema, "tajiri wangu Alhamisi akishasali adhuhuri anafunga. Anapanda punda anakwenda shamba. Ijumaa hafungui duka, hafungui ghala, hafungui hata barua ya mwanawe wa kumzaa. Mimi nimekaa naye. Ijumaa ukibisha mlango wake, anayefungua ni paka."

"Simu si barua," nikasema. "Mtu wa simu atamfuata."

"Atamfuata wapi? Shamba? Atagonga pale Forodhani, ataona kufuli, atarudi nayo. Jumamosi ndiyo siku yake ya kwanza. Jumamosi asubuhi anakaa na mafungu ya barua za wiki nzima mbele yake, anayachambua moja moja, hana haraka, yule mzee."

"Lakini Jumamosi ataiona."

"Jumamosi ataiona," akasema. Na akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Na hawa Jumamosi wanafunga saa ngapi?"

Sikujua. Mimi boma nalijua siku za kazi, siku ya kulipa kodi na siku ya kuomba cheti. Nikamtazama askari. Askari akasema huku akitafuna, "Saa sita mchana tunafunga. Mpaka Jumatatu. Jumapili bwana mkubwa anakwenda kuwinda bata. Hata Sultani akija Jumapili, atakaa nje na mbuzi."

Hapo ndipo nilipoihesabu upya ile bidhaa niliyoinunua. Ijumaa, kule kumefungwa. Jumapili, huku kumefungwa. Tajiri wetu wiki yake inaanza Jumamosi, na wa boma wiki yake inakufa Jumamosi hiyo hiyo mchana. Kati ya jana na Jumatatu alfajiri, muda ambao milango yote miwili iko wazi kwa pamoja ni asubuhi moja tu, ya Jumamosi, na asubuhi hiyo mzee wa Unguja ana wiki nzima ya barua mbele yake. Zile siku mbili nilizozivuta kwa mdomo na mtumbwi, moja ilikuwa Jumapili na nyingine ilikuwa alfajiri ya kunyongea. Maganda. Ningeshikilia Jumanne, ningekuwa nimepata Jumatatu nzima, milango miwili wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Shemeji alilijua hilo mara moja. Lakini akasema, "Umejitahidi. Mwambie dada yako asije hapa na yale macho yake. Na kama mama yangu ataonekana, mwambieni niko Unguja."

Jumamosi nilikuwa mlangoni mwa boma kabla ya kufunguliwa. Nilimwona mkalimani, nikamwambia nataka Jumanne.

"Jumanne gani?"

"Ya shemeji yangu. Tajiri wake Ijumaa hafanyi kazi. Jibu litatoka leo, na leo ninyi mnafunga saa sita. Ongeza siku moja. Moja tu."

Alitafuna tambuu yake akanitazama kwa namna ya mtu aliyekwisha kufunga duka. "Bwana Mpunga," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "mtumbwi ulikuwa mmoja, siku zikawa mbili. Umepatana mwenyewe. Uliniambia Alhamisi, ukaniambia Jumatano, tukakutana Jumatatu. Mimi nikienda kwake leo nikamwambia yule mtu amerudi anataka kupunguziwa tena, atanipunguzia mimi kichwa."

"Sitaki kupunguziwa. Nataka kueleza tu kwamba kule Ijumaa ni kama Jumapili ya huku."

"Anajua. Huku nako askari Waislamu wanaomba Ijumaa, anawapa saa mbili wakasali wakarudi. Atakwambia tajiri wako naye asali arudi."

Niliongeza magunia ya mpunga. Alikubali magunia, akaingia, akatoka akasema bwana mkubwa ana homa na hataki kusikia. Sikuwahi kujua kama alisema kweli au alikaa tu nyuma ya mlango kwa kitambo cha kutosha magunia yale. Saa sita kengele ikalia, milango ikafungwa, na mpiga simu wa Tanga akatoka akinikwepa kwa macho. "Bado, bwana," akasema kabla sijamuuliza. "Bado haijaja."

Jumapili tulikaa nje ya boma tangu jua linachomoza. Upande wa soko ilikuwa siku kama nyingine. Watu waliuza dagaa na mihogo, na wenye kuswali adhuhuri waliswali. Nikafikiri Unguja nako hivi sasa ni siku ya kazi kabisa, makarani wako mezani, wachukuzi wanapakia, tajiri anapigana na mtu juu ya bei ya boriti. Siku ile dunia yote niijuayo ilikuwa kazini isipokuwa ile nyumba moja nyeupe mbele yangu, na ndani ya nyumba hiyo alikuwamo shemeji yangu.

Asubuhi dirisha la chumba cha simu lilifunguliwa kwa muda, kwa ajili ya habari za vita, tukasikia ile mashine inagonga. Dada yangu akainuka. "Ndiyo ile?" Nikamwambia huenda. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Kisha dirisha likafungwa. Mpiga simu hakutoka. Bwana mkubwa alirudi magharibi na bata watatu, farasi wake katapakaa tope mpaka tumboni. Nikasimama nikapaza sauti. Askari wakanisukuma kwa vitako vya bunduki, bila hasira, kama unavyomfukuza kuku.

Dada yangu alikuwa kapika wali na kunde kwa mjane. Askari walipokea sufuria, wakarudisha sufuria tupu. Hatukujua nani kakila chakula kile.

Walimtoa alfajiri. Saa yao ya ukutani ilikuwa sita, sisi tulikuwa kumi na mbili. Ofisi zao hufunguliwa saa moja yetu. Nilimwona shemeji akitembea wima, na nilimwona anatazama upande wa nyumba ya simu, si upande wetu. Dada yangu nilimziba macho kwa kiganja changu. Akakishika kile kiganja akakishusha, akatazama mwenyewe mpaka mwisho.

Tulipewa mwili adhuhuri, na hilo nalo nililipatania. Tukamzika njiani, upande wa juu ambako mafuriko hayafiki.

Vita viliisha kwa njaa. Watu walikula mizizi, mimi nilikuwa mchuuzi asiye na cha kuchuuza. Njaa ilipopungua nilikutana na yule mpiga simu Kibiti. Alikuwa kaacha kazi ya serikali, anakwenda zake Tanga. Yeye ndiye aliyenijia. Alinisalimu, akakaa kando yangu, akasema, "Lilikuja, bwana."

"Nini?"

"Jibu. Lilitoka Unguja Jumamosi kabla ya magharibi, likalala Dar es Salaam. Jumapili asubuhi nikalipokea mimi mwenyewe. Tajiri alisema, mtu huyo alikuwa kwangu mwezi wote ule, analala ghalani mwangu, namdhamini kwa mali yangu. Nikaliandika. Simu za Jumapili, isipokuwa za vita, tuliziweka kwenye sanduku la bwana mkubwa, na chumba chake kinafungwa mpaka Jumatatu. Nikamwomba askari wa zamu anifungulie. Akaniambia Jumapili hakuna mlango. Nikamngoja bwana mkubwa jioni, nikatembea hatua mbili kumwendea, akanionyesha mkono, hivi. Neno la simu ukilitoa nje wakati ule, na wewe unafungwa kamba. Nikaogopa."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu saa moja alifungua, akalisoma. Kisha akaniambia niliweke kwenye faili."

Sikumpiga. Nilimuuliza kama amekula. Akasema hapana, nikamgawia muhogo. Alikula akilia, nami nikatazama pembeni, maana mtu akilia huku anakula haipendezi kumtazama.

Hayo ni ya zamani. Mdachi kaondoka, kaja Mwingereza, naye Jumapili hafungui. Dada yangu yungali hai, anakaa Kibiti, kazeeka kuliko mimi ingawa nilimtangulia kuzaliwa. Hakuolewa tena. Kila Ijumaa baada ya sala wanawake hukusanyika kwake wakasoma khitima, na katika dua anawaombea wote isipokuwa mtu mmoja, yule tajiri wa Unguja aliyenyamaza. Hamtaji kwa jina. Anasema tu "yule aliyekuwa na neno moja la kusema." Tajiri alishakufa. Ramadhani hii iliyopita mjukuu wake alipita kwetu kununua boriti, akasikia kwamba mjane wa yule msimamizi wa babu yake yu hai, akamletea kikapu cha tende kwa heshima. Dada yangu akakisukuma kwa mguu mpaka nje ya kizingiti. Kijana wa watu akaondoka hajui kakosa nini. Alipopita kwangu aliniuliza, nikamwambia wazee wana mambo yao.

Sikumwambia dada habari ya mpiga simu. Mwanzo niliona jeraha bichi. Baadaye likawa kovu, nikaona si busara kulitonesha. Maana nikimwambia kwamba neno lilikuja, kwamba ile mashine tuliyoisikia ikigonga tukiwa nje ndiyo ile, na yeye aliinuka akaniuliza nami nikasema huenda, basi atakuwa amemchukia bure mtu mwema umri wake wote. Na badala yake atamchukia nani? Kumchukia mtu ni rahisi. Jumapili utaichukiaje, na inarudi kila wiki?

Mjukuu wa tajiri kaniandikia kwamba atakuja tena msimu wa boriti, naye angependa kumwona bibi. Dada kikohozi kimemzidi mwaka huu. Nimepima huku na huku, mara mbili, na hesabu hainitokei. Ninyi mnaosoma hapa, mlio na dada wazee majumbani: nimwambie, au nimwache na chuki yake aliyoizoea? Nishaurini, na msichelewe.